Kumbukumbu ya mradi: simu ya shangazi iliyoganda mwaka 2015

Hatimaye bakapu imepita! Picha zote na namba za wateja wake wa Mgandini ziko kwenye akaunti, na simu mpya imezivuta zote.

Simu ya zamani ni Android 6. Kila ukiigusa bakapu, inazunguka kisha inagoma. Intaneti ya hapa nyumbani Chumbageni ilikuwa nzima, nafasi kwenye akaunti ilikuwepo, nywila ilikuwa sahihi. Saa ya ukutani na saa ya simu zilikuwa sawa mpaka dakika. Kioo kiliandika Jumamosi, 18 Aprili, na kweli ilikuwa Jumamosi, 18 Aprili.

Nilichomeka waya kwenye kompyuta nikasoma logi kwa adb, chombo cha kuamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

```
adb logcat | grep -i cert
adb shell date
```

Logi ikatema `CertificateNotYetValidException`, yaani cheti cha seva, kitambulisho chake cha kidijitali, bado hakijaanza kutumika. Na `date` ikajibu 2015. Kioo cha simu hakionyeshi mwaka, ndiyo maana hakuna aliyeona. Kilichonikera zaidi ni kwamba hata siku ya wiki haikuweza kutoboa siri: kalenda ya 2015 na ya 2026 zinafanana siku kwa siku, zote zinaanza Alhamisi. Ingekuwa imerudi 2014, ingeandika Ijumaa na shangazi angeshtuka siku ya kwanza.

Nikampigia.
"Shikamoo shangazi. Hii simu iliwahi kuzimika kabisa?"
"Marahaba mwanangu. Ilikaa bila betri Februari yote. Ilipowashwa saa ilikuwa imepotea, kijana wa duka la jirani akanirekebishia."

Basi. Saa ya ndani ya simu hii inategemea betri kubwa. Ikikosa umeme muda mrefu inarudi 1 Januari 2015. Aliyeirekebisha aliweka mwezi, tarehe na saa. Mwaka kwenye Android hii ni maandishi madogo juu ya kalenda, mpaka uyaguse ndipo orodha ya miaka ifunguke. Na ili uweke kwa mkono lazima uzime saa ya kujiweka yenyewe, na haikuwashwa tena.

Seva huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inalinganisha na saa yake, na kwa simu iliyoko 2015 kila cheti cha leo ni cha baadaye, kwa hiyo inakata mawasiliano kabla ya kutuma hata picha moja. Ndiyo maana kufuta kashe au kuondoa akaunti hakusaidii kitu. Zile programu za "kusafisha simu" ndizo kabisa, ningeweza ningezipiga marufuku. Amri mbili za adb zimenipa jibu ambalo programu hizo zisingelitoa hata mwakani.

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini. Usikimbilie kurekebisha saa ukiwa kwenye intaneti! Saa ikikaa sawa, bakapu inaanza papo hapo, na picha zote alizopiga tangu Machi zinapanda zikiwa na tarehe ya 2015, zinazama chini kabisa ya albamu. Nilizima wifi na bakapu kwanza, nikazivuta picha kwenye kompyuta. Simu ilinunuliwa 2017, kwa hiyo picha yoyote iliyopigwa nayo yenye 2015 ni ya uongo:

```
exiftool -if '$DateTimeOriginal =~ /^2015/' "-AllDates+=11:0:0 0:0:0" picha/
```

Inasogeza miaka 11 mbele bila kugusa siku wala saa, na inaacha nakala ya asili yenye `_original`. Exiftool ni chombo cha heshima. Jina la faili linabaki na 2015, ila albamu inapanga kwa tarehe iliyo ndani ya picha. Nikafuta zile za zamani kwenye simu, nikarudisha zilizosahihishwa, nikaiwasha upya ili izitambue.

Kisha saa:

```
adb shell settings put global auto_time 1
adb shell getprop persist.sys.timezone
```

Ya pili ijibu `Africa/Dar_es_Salaam`, la sivyo saa itakuwa sahihi kwa dunia na bado kioo kitaonyesha saa za kwingine. Laini ilikuwa kwa shangazi, kwa hiyo mnara usingeipa simu saa. Nikawasha wifi, ikajirekebisha. Saa ya intaneti, NTP, haiombi cheti, ndiyo maana hata simu iliyopotea miaka 11 inaweza kuipata. Nikaruhusu bakapu, ikapanda bila kukwama.

Nilipanga kubadilisha tundu la chaji leo. Limesubiri. Nimekaa naandika skripti ya kukagua mwaka wa kila simu kuukuu inayofika mezani kabla sijafungua skrubu, maana kabatini zipo nyingine zilizokaa bila betri na sijui zinadhani ni mwaka gani.