Oda nne, hatari moja

Kwa muda mrefu katika biashara ya sarafu za kigeni nilijiona mtu wa tahadhari kwa sababu sikuweka rehani zaidi ya 1% ya akaunti kwenye oda moja. Akaunti ilikuwa na dola 10,000, hivyo kila oda ilikuwa na hatari ya dola 100. Ijumaa moja nilikuwa nimenunua jozi za sarafu za EURUSD, GBPUSD na AUDUSD, na nimeuza USDCHF. Takwimu za ajira za Marekani zilipotoka, dola ikapanda ghafla, na oda zote nne zikafungwa kwa hasara ndani ya dakika chache. Nilipoteza dola 430, si 400, kwa sababu bei iliruka vikomo vyangu vya hasara. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na biashara nne. Nilikuwa nimeuza dola mara nne.

Siku hizi nahesabu joto la akaunti, yaani jumla ya fedha nitakazopoteza iwapo vikomo vyote vya hasara vitaguswa. Jumla hiyo haivuki 4%, na kundi linalotembea pamoja halivuki 2%. Oda zinazosubiri bei nazo nazihesabu, maana zinaweza kuingia zote kwa mkupuo.

Kujua zipi zinatembea pamoja, naweka kwenye jedwali mabadiliko ya bei ya kila siku kwa asilimia, siku 60 za karibuni:

```
=CORREL(B2:B61,C2:C61)
```

Situmii bei zenyewe, kwa kuwa jozi mbili zinazopanda taratibu zitaonekana ndugu hata kama hazina uhusiano wowote. Jibu likizidi 0.7, ni kundi moja. Likishuka chini ya -0.7, kununua moja na kuuza nyingine pia ni kundi moja, kama nilivyofanya na EURUSD na USDCHF.

Majuzi nilikuwa na hatari ya 0.8% kwenye EURUSD na 0.7% kwenye GBPUSD, kisha nikaona nafasi nzuri ya kununua AUDUSD. Kundi lilikuwa limebakiza 0.5%, yaani dola 50. Kikomo cha hasara kilitakiwa kukaa pipsi 50 chini, kwa hiyo kila pipsi iwe dola moja, nayo ni loti 0.1. Zamani ningeingia na loti 0.2. Kama kikomo kingehitaji kuwa mbali zaidi, ningepunguza loti. Kukisogeza karibu ili hesabu itoshe ni kuomba kutolewa mapema.

Nikihamishia kikomo cha EURUSD kwenye bei niliyoingilia, ile 0.8% inarudi kundini, ingawa wakati wa habari nzito naiacha bila kuitumia. Vilevile sitoi hatari ya oda moja kwenye nyingine eti kwa kuwa zinaelekea pande tofauti. Nimeshaona bei ikipanda na kushuka saa ileile, ikagusa vikomo vya pande zote mbili.