Sauti ilipotea ndani ya daladala

Kipindi changu cha mahojiano kilisikika vizuri kwenye hedifoni. Ndani ya daladala, kwa spika ya simu, mgeni aliyeongea kwa upole alikuwa kama anamung'unya. Nikapandisha sauti yote. Maneno ya juu yakaanza kukwaruza na miisho ya sentensi bado ikamezwa na injini.

Kosa halikuwa udogo wa sauti. Spika ya simu karibu haitoi besi kabisa, na neno hueleweka kwa konsonanti kama s, t na k, ambazo ni dhaifu na ziko juu, takriban hezi 2,000 hadi 8,000. Mimi nilikuwa nimeipa besi nafasi yote.

Nikaanza upya na faili la mazungumzo peke yake, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i mgeni.wav -af "highpass=f=100,acompressor=threshold=-24dB:ratio=3,equalizer=f=3000:t=q:w=1:g=3" safi.wav
```

Amri hii hukata mvumo wa chini kwanza, ili kikandamizaji kisishtushwe nao, kisha hupunguza tofauti kati ya neno kubwa na dogo, mwishoni huinua konsonanti kwa desibeli 3. Nilipokandamiza zaidi kwa `ratio=8` na kupandisha sauti, mvumo wa feni ya chumbani ukawa unapanda kila mgeni aliponyamaza. Nikarudi kwenye 3.

Muziki niliushusha desibeli 20 chini ya sauti ya mtu, nao nikaupunguza palepale kwenye hezi 3,000. Kipindi kizima nikakiweka kwenye -16 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia.

Sasa kabla ya kupakia nawasha feni, naweka simu mezani na kusikiliza nikiwa mlangoni.