Siku moja maishani mwangu: natafuta jina la kifaa cha kupima kiu ya mmea

Saa 2 asubuhi. Mteja ametengeneza kijiti cha kuchomeka kwenye chungu cha maua. Udongo ukikauka, kinawaka taa nyekundu. Anataka jina jipya, lenye maana ndani yake, la neno moja. Kazi yangu ni kubuni majina, na leo nina siku moja tu.

Sianzi na jina, naanza na mizizi. Naigawa karatasi safu mbili. Kushoto naandika vitu: maji, tone, jani, mizizi, udongo, chungu. Kulia naandika yanayotendeka: kiu, mea, ita, nywa, kauka, pima. Kisha naoanisha kila neno la kushoto na kila la kulia, hata pale ninapoona upuuzi.

Saa 4. Kuna njia mbili za kuunganisha. Ya kwanza ni kuambatanisha maneno mazima, kama kipimajoto. Ya pili ni kukata na kuunga, kama chakula cha jioni kilivyofupishwa kikawa chajio, au tarakimu na akili zilivyozaa tarakilishi. Hata Velcro ni la namna hiyo: vipande viwili vya Kifaransa, kimoja cha mahameli na kingine cha ndoano.

Kwa njia ya kwanza napata Kipimakiu. Linaeleweka papo hapo, na hilo ndilo tatizo lake. Jina linaloeleza tu kazi ya kifaa ni gumu kulisajili liwe lako, maana kila mtengenezaji ana haki ya kusema kifaa chake kinapima kiu. Halafu lina ki- mwanzoni. Ukinunua viwili utasema Vipimakiu, na jina la bidhaa limeshabadilika sura mdomoni mwa mnunuzi.

Saa 5 na nusu. Nakata na kuunga. Majani na maji yanakaribiana kwa herufi, nikadhani nimeokota dhahabu: Majini! Nililiandika kwa herufi kubwa, nikalisoma kwa sauti, nikacheka peke yangu. Nani atachomeka majini kwenye maua yake?

Kiu na mea zikanipa Kiumea. Lisome haraka: sikio linasikia kiume kabla ya kiu. Mizizi na ita zikanipa Mizita, nami nikalipenda kwa dakika kumi nzima, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza, "Dada, na mmoja unaitwaje, Mzita?" Lile mi- lilishamfanya asikie wingi. Nikalikata.

Saa 8 mchana. Narudi kwenye mkazo, jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiunga maneno mawili, la kwanza hupoteza mkazo wake, na la pili ndilo husikika. Maambatani yetu ya kawaida hutanguliza neno kuu, kama mwana katika mwanasheria. Kwenye jina la bidhaa mimi hufanya kinyume: lile ninalotaka libaki sikioni naliweka nyuma.

Mteja anauza nini hasa? Hauzi kiu, anauza mmea unaoendelea kukua. Basi mea inakwenda nyuma, na mbele nataka kitu kifupi cha maji. Tone. Tonemea.

Nalirudia mara ishirini. To-ne-ME-a. Mkazo umeangukia palepale ulipokuwa katika mea. Tena linakaa mdomoni kama tegemea na egemea, kwa hiyo ulimi unalijua kabla ya kulisikia. Halina ki-, halina m-, halina mi-.

Saa 9. Napiga simu kwa watu watano, nalitamka mara moja tu, naomba waliandike. Watatu wanapatia. Mmoja anatenganisha, Tone Mea, sawa tu. Wa tano anaandika Tunemea, na huyo ananipa wasiwasi kidogo, maana "tumemea" ni sentensi kamili. Namweleza mteja wazi kwamba nembo lazima ionyeshe tone la maji, ili jicho lisahihishe kosa la sikio.

Saa 10. Msako wa awali kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, katika daraja la 9 la bidhaa, ambamo vyombo vya kupimia vimo. Natafuta pia Tonimea, Tonemia na Tunemea, kwa sababu pingamizi huja hata kwa jina linalofanana kwa sauti tu. Sioni la kunitisha, lakini huo ni mchujo wa kwanza. Uamuzi ni wa wakili wa mteja.

Saa 12 jioni. Namtumia jina moja na sababu zake, pamoja na yale yaliyokufa. Ananipigia baada ya robo saa. Hasemi kama amelipenda. Anauliza, "Sasa hizi Tonemea zangu tuzipake rangi gani?"