Jinsi nilivyogeuza maelezo ya msaili kuwa jedwali la alama

Msaili wetu alijibu fomu ya tathmini ya mwombaji kazi kwa aya: "Anajiamini, ataelewana na wateja. Alisimulia alivyompigia simu mteja aliyekasirika na kumrudishia fedha siku hiyohiyo." Bila alama, waombaji hawakulinganishika.

Nilichora safu tatu kwenye lahajedwali: kigezo, alama, ushahidi. Vigezo nilivitoa kwenye tangazo la kazi, si kwenye maelezo yake, la sivyo kila mwombaji angepimwa kwa mizani yake. Kisha nikajaza ushahidi kabla ya alama. Kiliingia kile tu mwombaji alichosema au kutenda. "Anajiamini" ni maoni ya msaili, nikayaacha nje. Simulizi la mteja lilipata 4 kati ya 5 katika "kuhudumia wateja": tulikubaliana 4 ni mfano halisi wenye matokeo, na 5 hudai pia hatua ya kuzuia tatizo lisijirudie.

"Kazi ya pamoja" haikuwa na ushahidi wowote. Niliacha seli wazi badala ya kuweka 0, maana `=AVERAGE(B2:B6)` huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri. Wastani huo ulikuwa wa muda tu, hadi msaili alipompigia mwombaji na kumuuliza swali lililokosekana.