Kidumbak kwenye karatasi: ngoma ya chini imekamilika

Wiki hii nimemaliza kuandika ngoma ya chini kutoka kwenye video ya harusi moja ya Jang'ombe, Zanzibar. Kundi ni la kidumbak la kawaida, muziki wa kuchezwa harusini: ngoma mbili ndogo, mkwasa ambao ni vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, sanduku la kupiga besi, na fidla. Ngoma ya juu inachezacheza sana, kwa hiyo nimeanza na ya chini, ambayo inarudia mzunguko wake karibu bila kubadilika. Anayejifunza ataanza na hiyo.

Sauti nimeitoa kwenye video kwanza:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vn harusi.wav
```

Saa za mapigo nazipima kwenye sauti, ndani ya Audacity, kila pigo na alama yake. Picha siitegemei kwa kupima, maana video ya simu ina picha kama 30 kwa sekunde na simu nyingi hazizipigi kwa nafasi sawa. Picha inanipa kitu kingine: mkono gani umepiga, na umepiga katikati ya ngozi au ukingoni. Ndani ya VLC nabonyeza `e` na video inasogea picha moja moja. Kabla ya kuandika kulia au kushoto, hakikisha video haikugeuzwa kama kioo. Nyuma ya mpigaji amekaa mama mmoja mwenye kanga, na maandishi ya kanga yanasomeka vizuri, basi mikono iko sahihi.

Mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8, na ndani yake kuna nafasi 12 ndogo, kila moja sekunde 0.15. Kazi kubwa ni kujua 12 hizo zinahesabiwa vipi. Ukifuata mkwasa utahesabu sita, kwa sababu unapiga kila baada ya nafasi mbili. Lakini tazama miguu ya wanaocheza: wanakanyaga mara nne, kila baada ya nafasi tatu.

```
Miguu   1 . . 2 . . 3 . . 4 . .
Mkwasa  x . x . x . x . x . x .
Ngoma   D . t . . t D . t D . .
```

D ni dum, mkono wa kulia katikati ya ngozi. Herufi t ni tak, vidole vya kushoto ukingoni. Nukta ni kimya. Sasa angalia zilipoangukia dum: zote tatu ziko juu ya hatua, ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ukihesabu kwa mkwasa, dum ya mwisho inaning'inia katikati ya mapigo mawili. Mzee mmoja wa Ng'ambo aliyepiga kidumbak miaka mingi nilimpelekea karatasi. Hakuitazama, aliniambia, "Iseme kwa mdomo, mwanangu." Nikaisema huku nikikanyaga nne, naye akapokea kwa vidole juu ya meza. Nilipoikanyaga kwa sita aliacha kupiga.

Mahali pagumu ni hatua ya pili. Mguu unashuka na ngoma iko kimya, kisha tak inakuja peke yake. Kijana wa jirani ninayemfundisha alikuwa akijaza kimya hicho kwa dum, na papo hapo mzunguko unageuka ngoma nyingine. Dawa yake ni kusema "mm" juu ya mguu wa pili: dum-ta, mm-ta, dum-ta, dum.

Kuna jambo moja ambalo gridi hailionyeshi. Tak iliyofuata dum kwenye hatua ya kwanza na ya tatu ilipaswa kuja sekunde 0.30 baada ya dum. Alama zangu zinaonyesha 0.27, mzunguko baada ya mzunguko. Mtu anaweza kudhani ni umbali wa simu, kwa kuwa sauti hutumia karibu sekunde 0.03 kwenda mita kumi. Lakini umbali huchelewesha mapigo yote kwa kiasi kilekile, hauwezi kuvuta tak na kuiacha dum. Basi ni mkono wa mpigaji, na ndiyo ladha yake. Nimeiacha gridi ilivyo, nikaweka mshale mdogo wa kushoto juu ya tak hizo mbili.

Mshale huo mwanafunzi asiuguse mwanzoni. Mwendo wa harusi ni hatua kama 133 kwa dakika, naye anaanza na 66. Kwa mwendo huo, tak ikivutwa mbele inasikika kama pigo lililokosewa. Avuke 110 kwanza, kimya cha hatua ya pili kikiwa kimetulia, ndipo aanze kuivuta.

Kinachofuata ni ngoma ya juu. Nitaiandika pale tu fidla inaponyamaza, kwa sababu fidla ikilia, tak nyepesi za ngoma hiyo zinamezwa kwenye sauti na alama zinakuwa za kubahatisha.