Lita ngapi za resini? Hesabu niliyotumia kwa maji ya kisima Dodoma

Hii ni hesabu ya mashine ya kulainisha maji: resini yake, punje ndogo za plastiki, hunasa kalsiamu na magnesiamu zinazofanya maji kuwa magumu na kuachia sodiamu, kisha huoshwa kwa maji ya chumvi ili inase tena. Nyumba ina watu sita na kisima kirefu. Kipimo cha matone kilionyesha ugumu wa miligramu 400 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, na chuma hakikuwepo. (Kingekuwepo, ningeongeza kama 70 kwenye ugumu kwa kila miligramu moja ya chuma.) Matumizi niliyasoma kwenye mita: lita 720 kwa siku. Bustani haimo humo, bomba lake limebaki kwenye maji ghafi kwa sababu sodiamu huharibu udongo. Bomba la kunywa nalo nililiacha nje: ugumu wa 400 ukiondolewa, huingia miligramu 184 hivi za sodiamu kwa kila lita.

Miligramu 400 kwa lita ndiyo gramu 400 kwa uniti moja ya maji, yaani lita 1,000. Kwa hiyo mashine ina kazi ya kuondoa gramu 288 kila siku. Nilitaka resini ioshwe kwa chumvi kila baada ya siku tano, na siku moja iwe ya akiba. Hizo ni siku sita, yaani gramu 1,728.

Hapa ndipo wauzaji wanapochanganya watu. Lita moja ya resini ya kawaida ina uwezo wa kunasa gramu 100 hivi za ugumu, lakini huo ni wa maabara. Nyumbani unapata kile ambacho chumvi imekirudisha, na kila unavyoongeza chumvi, faida ya nyongeza hupungua. Gramu 100 za chumvi kwa lita ya resini hurudisha kama gramu 45 za uwezo. Gramu 240 hurudisha 69 tu.

Ningeweza kununua mfuko mmoja wa lita 25 na kuulisha kilo 6 za chumvi kila mara. Nilichagua lita 40 katika tangi la inchi 10 kwa 54: zinatoa gramu 1,800 kwa kilo 4 tu. Resini unainunua mara moja, chumvi kila mwezi.

Kwenye valvu inayoanzisha uoshaji niliweka ujazo, si siku, maana wageni wakija hesabu ya siku huvunjika. Gramu 1,800 ukigawa kwa 400 ni uniti 4.5, ukitoa akiba ya 0.72 unabaki na 3.78. Niliandika 3.7.

Kukagua, tumia matone yale yale. Kipimo cha TDS, kinachopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, hakifai, kwani sodiamu imechukua nafasi ya kalsiamu na namba haishuki. Ugumu ukirudi kabla ya uniti 3.7, anza na pipa la chumvi: lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi, kwa hiyo kilo 4 zinahitaji lita 11. Valvu ikijaza lita 6, resini inapata nusu tu ya chumvi yake, hata pipa likiwa limejaa chumvi hadi juu.