Maumivu ya nyonga yanayoshuka mguuni: kilichonisaidia miezi ya mwisho ya ujauzito

Mchana nilikuwa nachechemea kidogo tu. Kazi ilikuwa usiku, nikitaka kugeuka kitandani kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Maumivu yalianzia kwenye kile kishimo kidogo kilicho juu ya kitako cha kulia, yakachoma kitakoni na kushuka nyuma ya paja hadi karibu na goti. Yalipiga ghafla kama shoti ya umeme, kisha yakaniacha na mguu mzito ambao haukutaka kukanyaga. Kwenda chooni nilikuwa nashika kitanda, nashika ukuta, nashika mlango. Na mjamzito wa miezi minane haendi chooni mara moja kwa usiku.

Kila niliyemweleza alinijibu kwamba ni siatika, mtoto amekalia mshipa, nivumilie tu nitajifungua. Mkunga wangu hakuridhika na hilo akanituma kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yule dada aliuliza kwanza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, yakishuka yanaishia wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, juu kidogo ya goti. Akauliza kama vidole vya mguu vinakufa ganzi, kama unyayo unawaka. Hapana. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole huku nikishika meza, kuona kama kuna nguvu iliyopungua.

Kumbe siatika yenyewe, ile ya neva kubanwa kwenye mzizi wake mgongoni, kwa kawaida huvuka goti na kufika kwenye kigimbi au unyayo, mara nyingi pamoja na ganzi au mchomo wa sindano. Wajawazito wengine huipata, ila si wengi. Kinachotusumbua wengi ni kiungo kinachounganisha mfupa wa nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Homoni za ujauzito hulegeza kano zake, tumbo nalo linavuta mwili mbele, na kiungo cha upande mmoja kinaanza kusumbua kila kinapobebeshwa uzito. Misuli ya kitako inajikaza ili kukishikilia, na mmojawapo umepakana kabisa na neva ya siatiki. Ndiyo maana maumivu yanajifanya siatika.

Kipimo kilichonishawishi kilikuwa rahisi. Nililala chali kwa muda mfupi tu, miguu imenyooka, akaniambia ninyanyue mguu wa kulia kiasi cha shubiri bila kukunja goti. Ulikuwa mzito kama gogo. Kisha akaweka viganja vyake pande mbili za nyonga zangu, akazibana kuelekea ndani, akasema nijaribu tena. Mguu ule ule ukanyanyuka. Hajaugusa mguu wenyewe, amebana nyonga tu! Hapo nikaelewa kwamba dawa yangu ilikuwa kuifanya nyonga isichezecheze.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kugeuka kitandani. Unakunja magoti yote mawili, unayabana pamoja na mto katikati, unavuta pumzi, na wakati unaitoa unazungusha mabega, nyonga na magoti kwa mpigo mmoja. Ukitanguliza mguu mmoja na kiwiliwili kikafuata baadaye, kiungo kinasokoteka na shoti inapiga. Mto nao una namna yake: usiishie magotini, ufike hadi vifundo vya miguu, la sivyo mguu wa juu unaning'inia na kuvuta nyonga usiku kucha. Mimi nilihitaji mto mmoja mrefu na mwingine mdogo chini ya tumbo. Nililala ubavu usiouma, kwa sababu kuanzia wiki ya 28 kulala chali hakushauriwi.

Kanuni hiyo hiyo ya miguu kukaa pamoja niliipeleka mchana. Nguo za chini na viatu nilivaa nikiwa nimekaa, si kwa kusimama mguu mmoja. Kuingia kwenye gari nilikaa kwanza, kisha nikaingiza miguu yote miwili. Ngazi nilipanda moja moja, mguu mzima ukitangulia. Kushuka, mguu mgonjwa ukitangulia. Niliacha kubeba kitu upande mmoja na kukaa nimepachika mguu juu ya mguu. Sikuacha kutembea. Nilitembea mwendo mfupi mara kadhaa, kwa hatua ndogo, na nikisikia nyonga inaanza kulalamika nakaa kabla haijapiga kelele.

Halafu mkanda wa nyonga. Wengi huufunga juu kama mkanda wa kubeba tumbo, ndipo wanasema hausaidii. Mkanda huu hukaa chini ya tumbo, unazunguka ile mifupa miwili inayojitokeza pembeni juu ya mapaja, na unakazwa kiasi cha kuhisi nyonga zimeshikwa, si kubanwa pumzi. Nilivaa wakati wa kutembea na kusimama, nikikaa nauvua.

Kwa misuli ya kitako nilikuwa na mnyoosho mmoja tu. Nakaa kwenye kiti kigumu, kifundo cha mguu unaouma nakiweka juu ya goti la pili, naegemea mbele mgongo ukiwa umenyooka hadi nihisi kuvutwa kitakoni. Nusu dakika, napumzika, narudia mara mbili. Kuvutwa ni sawa. Ikipiga shoti kwenda chini, au mfupa wa mbele wa kinena ukiuma, unaacha. Jioni niliweka taulo lenye uvuguvugu kitakoni kwa robo saa, kisha nikapiga magoti na kuegemeza mikono na kichwa kwenye kochi, tumbo likining'inia. Hapo ndipo nilipopata nafuu ya haraka kuliko kote.

Dawa niliyoruhusiwa kliniki ni parasetamoli, kwa kipimo nilichoandikiwa. Ndugu mmoja aliniletea diklofenaki iliyomsaidia mgongo wake. Nilimshukuru nikaiweka pembeni. Diklofenaki na ibuprofeni katika miezi hii zinaweza kudhuru figo za mtoto na mshipa ulio karibu na moyo wake, na kupunguza maji ya uzazi.

Yapo maumivu ya mguu ambayo si ya kungoja kliniki ijayo. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, huenda ni damu iliyoganda: usikandwe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, au unyayo kushindwa kunyanyuka, ni dharura. Na maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio yanaweza kuwa uchungu, hata kama umeshazoea kusema ni nyonga.

Kabla ya kujifungua, yule dada alinipima umbali kati ya magoti ninaoweza kuyatanua bila maumivu, akauandika kwenye kadi yangu. Leba mkunga aliusoma, akanizalisha nikiwa nimelala ubavu, mguu wa juu umeshikiliwa na hakuna aliyeutanua kupita hapo. Shoti za usiku ziliisha mapema baada ya kujifungua. Uzito wa mguu ulichukua wiki kadhaa kuisha, na kwa muda huo niliendelea kuvaa mkanda kila nilipombeba mtoto kwa mwendo mrefu.